Kiberiti chenye tochi: uchambuzi wa kisa cha moto wa uvunguni

Mtoto anayehusika alikuwa na miaka minne na miezi saba, mwanafunzi katika darasa langu la chekechea huko Mbagala. Aliishi na mama yake, bibi yake, mjomba wake na binamu yake wa miaka tisa katika vyumba viwili vya nyumba ya kupanga, ambamo uani palikuwa pa wote na kila mpangaji alikuwa na jiko lake la mkaa chini ya banda moja la mabati. Ninaandika kwa ridhaa ya mama yake, na nimeacha majina yote.

Jumamosi moja ya masika, saa tisa alasiri, umeme ulikuwa umekatika na mvua ilikuwa inanyesha. Mpira wa mtoto uliviringika uvunguni mwa kitanda, na kwa kuwa chumba kilikuwa na giza alimwendea mjomba wake, aliyekuwa amejilaza chumba cha pili, akamwomba tochi. Mjomba akamjibu bila kuinuka, "Chukua hapo kwenye suruali." Tochi iliyokuwa mfukoni mwa suruali ile, iliyotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, ni kile kiberiti cha gesi cha bei rahisi ambacho kitako chake kina kitaa kidogo: ukibonyeza huku kinamulika, ukisugua gurudumu upande wa pili kinawaka moto. Mtoto alikuwa amekwisha kukitumia mara nyingi usiku kumulikia njia ya chooni, na hakuna mtu mzima nyumbani aliyeona ajabu.

Dakika chache baadaye mpangaji wa chumba cha jirani alisikia harufu ya plastiki inayoungua. Pindo la chandarua lililoning'inia kando ya kitanda lilikuwa limeshika moto, na kwa kuwa nyuzi zake ni za plastiki halikuungua kama pamba inavyoungua, bali liliyeyuka na kudondoka matone yanayowaka juu ya godoro la sponji. Jirani alimwagia ndoo mbili za maji ya mvua yaliyokuwa yamekingwa chini ya mchirizi, na moto ukazimika ukiwa umekula kona ya godoro, sehemu yenye ukubwa wa sinia. Sponji ya aina hiyo huwaka upesi na moshi wake mweusi una hewa za sumu zinazomlegeza mtu kabla ndimi za moto hazijamfikia, kwa hiyo ninaamini kwamba laiti jirani angechelewa kidogo tu, kisa hiki kingeandikwa na mtu mwingine na kwa madhumuni mengine.

Lakini jambo lililonifanya nikichambue kisa hiki kwa kirefu halikuwa moto wenyewe. Wakati jirani anamwaga maji, mama alikuwa anamwita mwanawe kwa jina, bibi anamwita, mjomba anamwita, na mtoto hakuitika. Walidhani ametoka nje. Alikuwa mle mle chumbani, amejibanza nyuma ya nguo zilizotundikwa kwenye kamba pembeni, ndani ya moshi, vidole viwili vimeungua, kimya. Nilipomuuliza siku kadhaa baadaye, tukiwa tunachora, kwa nini hakuitika, alinijibu pasipo kusita: "Wangenichapa."

Jibu hilo lina historia yake. Wiki tatu kabla ya hapo, mama alipokuwa anafagia alikuta chini ya mkeka njiti saba za kiberiti zilizoungua nusu. Mtoto alichapwa. Mjomba alimwambia kwamba moto utamla kama unavyokula mkaa, na bibi, kama wazee wetu wengi, alimwonya kwamba anayechezea moto hukojoa kitandani. Baada ya siku hiyo hazikuonekana njiti tena chini ya mkeka, na familia iliamini kwamba somo limeeleweka. Tulipokuja kusafisha uvungu baada ya moto, tulikuta nyingine, pamoja na tundu dogo lenye kingo ngumu katika ncha ya pazia. Kwa maneno mengine, kipigo hakikuukomesha mchezo bali kiliuhamisha, kikautoa kwenye mkeka katikati ya chumba, mahali ambapo mtu mzima angeweza kuuona, kikaupeleka uvunguni, mahali penye giza, sponji na kitambaa kinachoning'inia.

Hii si tabia ya mtoto huyu peke yake. Watoto wadogo wanaochezea moto ndani ya nyumba hufanya hivyo zaidi chumbani, uvunguni mwa kitanda au kabatini, na moto ukiwashinda hujificha papo hapo au karibu yake. Mtoto wa miaka minne hana hesabu ya hatari kama yetu, maana kwake moshi ni kitu kipya asichokijua, ilhali fimbo anaijua vizuri, na kati ya vitu viwili hukimbia kile anachokijua. Dalili za mapema huwa ndogo, lakini zipo: njiti zilizoungua nusu mahali ambapo hakuna jiko, harufu ya kiberiti chumbani mchana, tundu lenye kingo ngumu kwenye pazia au chandarua, au boksi lililonunuliwa juzi likawa limebaki na njiti chache. Mzazi anayeziona dalili hizo ana bahati, kwa sababu mtoto bado hajajifunza kuzificha.

Kuhusu vidole, niseme kwa ufupi. Bibi aliwahi kuvipaka dawa ya meno, jambo ambalo karibu kila nyumba ya mtaani kwetu ingelifanya. Dawa ya meno, mafuta, asali au ute wa yai huzuia joto lisitoke kwenye nyama, na baadaye humpa mhudumu wa zahanati kazi ya kusugua kidonda ili akione. Kinachotakiwa ni maji baridi ya kawaida, yasiyo ya barafu, yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, na bado yana faida hata kama saa moja au mbili zimepita. Pale nyumbani hapakuwa na bomba, kwa hiyo tulitumia jagi na ndoo, mmoja anamimina polepole na mwingine anateka, huku mtoto amefunikwa kanga mwilini asipate baridi. Kisha akapelekwa zahanati.

Nilipoitwa nyumbani, mama alinitaka niongee na mtoto. "Mwalimu, wewe anakusikiliza," aliniambia. Nilimwomba tuanze na watu wazima, na hilo halikupokewa vizuri, hasa na mjomba, aliyeona kwamba anashtakiwa. Tulichukua jioni moja kutembea vyumbani na uani tukihesabu kila kitu kinachoweza kuwasha moto, na nilipendekeza tupite tukiwa tumechuchumaa, ili macho yetu yawe kwenye kimo cha mtoto. Tulikuta boksi la kiberiti kwenye ukingo wa dirisha karibu na jiko, jingine kando ya mshumaa wa kukatikia umeme juu ya stuli, la tatu chini ya kitanda cha bibi pamoja na dawa ya mbu ya kuchoma, kiberiti cha gesi cha mjomba, na njiti tatu nzima zilizoanguka kwenye ufa wa sakafu. Ukiwa umesimama ulikuwa unaona boksi moja tu. Bibi, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akitutazama, alicheka akasema, "Mwanangu, kumbe tunaishi dukani."

Kiberiti cha mjomba kilistahili kuzungumzwa peke yake, kwa sababu kitu kimoja kilikuwa kimepewa kazi mbili, na kazi ya kwanza, kumulika, ilikuwa imeruhusiwa kwa mtoto. Kwa akili ya mtoto kile kilikuwa tochi yenye siri. Marekani, tangu 1994, viberiti vya gesi vya bei rahisi vinavyouzwa lazima viwe vigumu kwa watoto, na kipimo chake ni kwamba kikijaribiwa kwa watoto wa miezi 42 hadi 51, angalau 85 katika kila 100 washindwe kukiwasha. Ulaya nayo ilifuata kwa uamuzi wa 2006, ambao ulipiga marufuku pia viberiti vyenye umbo la vitu vya kuchezea au vyenye mambo ya kumvutia mtoto. Hata kwa kipimo hicho, hadi watoto 15 katika 100 wanaweza kukiwasha kiberiti kinachoitwa salama, na mtoto wetu alikuwa amevuka umri wa waliopimwa. Chetu hakikuwa na kizuizi chochote. Gurudumu lilisuguka hata nilipolisukuma kwa kidole changu kidogo cha mwisho, kwa hiyo kidole gumba cha mtoto kililiweza.

Boksi la njiti lina tabia tofauti, na inafaa kuijua kwa sababu inasaidia kupanga. Njiti za siku hizi haziwaki kirahisi kwa kusuguliwa popote, kwani kichwa cha njiti na ule ubavu wa kahawia wa boksi vina kemikali tofauti zinazohitajiana. Njiti iliyoanguka peke yake mbali na boksi haina hatari kubwa, ilhali boksi lenye njiti mbili tu lina hatari kamili. Ndiyo maana tuliposafisha tulihangaika zaidi na maboksi kuliko na njiti za kwenye ufa.

Tulikubaliana kwamba nyumba nzima itakuwa na boksi moja tu, na litakaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, la aina ile ambayo mfuniko wake wa bati unafunguliwa kwa kubinua na mpini wa kijiko. Kopo likawekwa kwenye rafu iliyo juu ya mlango. Watu wengi huishia kwenye urefu, "weka juu asifikie", lakini mtoto huyu alikuwa anajua kupindua ndoo na kupanda juu yake, kwa hiyo urefu ulikuwa unamchelewesha tu, na mfuniko mgumu ndio uliokuwa kizuizi chenyewe. Kanuni ikawa kwamba aliyewasha jiko anarudisha boksi ndani ya kopo kabla hajapuliza mkaa, kwa sababu tuligundua kwamba boksi lilikuwa linasahaulika dirishani katika zile dakika za kupepea. Mjomba, baada ya ubishi, alinunua tochi ya kawaida, akakubali kiberiti chake kikae mwilini mwake au ndani ya kopo, kisibaki kamwe kwenye suruali iliyotundikwa.

Palibaki suala la duka. Binamu wa miaka tisa ndiye aliyekuwa anatumwa kwa Mangi kununua kiberiti, na mara nyingi mdogo wake alikuwa anamfuata na kupewa yeye akibebe, kama heshima. Mtoto anayetumwa kiberiti, anayekibeba mkononi njia nzima na kushukuriwa anapokifikisha, hawezi kuelewa kwa nini akikishika kesho anachapwa. Mama aliacha kuwatuma watoto kiberiti, na alimwomba mwenye duka asimpe mtoto yeyote wa nyumba ile. Kaa la moto kutoka kwa jirani, lile la kubebwa kwenye kipande cha bati ili kuwashia jiko, nalo likawa kazi ya mtu mzima.

Baada ya hapo ndipo tulipomgeukia mtoto, na hapa nina kosa langu la kukiri. Nilichagua maneno machache ambayo watu wote nyumbani wangeyasema kwa namna moja: "Kiberiti ni kifaa cha watu wazima, kama kisu cha mama. Ukikiona, usikiguse, tuite." Sikumwambia akiokote atuletee, kwa sababu mtoto wa umri huo akiruhusiwa kukibeba hatua kumi amekwisha kuruhusiwa kukishika. Hadi hapo nilikuwa sawa. Kisha, kwa kutaka apate mazoezi, nikamwanzishia mchezo wa kutafuta boksi tupu nililolificha, na kila alipoliona bila kuligusa nilimpigia makofi. Siku ya tatu mama alinipigia simu kuniambia kwamba mtoto anapekua masanduku ya bibi akitafuta viberiti. Nilikuwa nimemfundisha kuwinda kitu ambacho nilitaka akiache. Tuliufuta mchezo ule siku ile ile, tukabaki na picha niliyoichora ya boksi na kiberiti cha gesi, ambayo mama alimwonyesha jioni na kumuuliza, "Ukikutana na hiki njiani, unafanyaje?" Kukutana nacho ni tofauti na kukitafuta, na mtoto aliielewa tofauti hiyo upesi kuliko mimi.

Bibi alikuwa na pendekezo lake. Alitaka kidole cha mtoto kiguswe kidogo tu na kijinga cha moto ili aujue uchungu, na alinikumbusha kwamba wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Nilimjibu kwa adabu, kwa sababu ni mzee na kwa sababu alikuwa anampenda mjukuu wake kuliko mimi ninavyoweza kumpenda: "Bibi, vidole viwili vimekwisha kuungua, na bado alijificha." Alinyamaza muda mrefu. Uchungu mtoto alikuwa ameupata tayari, tena mwingi, na haukumfundisha kuita watu. Kumchoma mtoto kwa makusudi ni kumdhuru, hata kikiwa kidole kimoja, na juu ya hapo kunamwonyesha kwamba mtu mzima mwenye moto ni wa kuogopwa, ilhali sisi tulitaka amkimbilie.

Udadisi wenyewe haukuweza kuzimwa kwa kufungia boksi, na sikutaka uzimwe. Moto ulikuwa unawashwa mbele yake mara mbili kila siku, na kumwambia asiutazame kungekuwa kichekesho. Tuliamua kwamba jiko likiwashwa jioni, yeye atakuwa na nafasi yake. Mama alichora mstari wa mkaa kwenye sakafu ya banda, hatua mbili za mtu mzima kutoka kwenye jiko, na mtoto akawa anaketi nyuma yake kwenye kigoda, akiruhusiwa kuuliza chochote. Alinyoosha kiganja bila kuvuka mstari, akasikia joto likimfikia hapo alipo, na mama akamweleza kwamba joto hilo ndilo linalopika ugali na ndilo lililouma vidole. Hakuambiwa kwamba moto ni shetani wala kwamba una hasira naye. Aliuliza maswali mazuri, na moja lilitushinda kwa muda: "Moto ukizimwa unalala wapi?" Mama alitaka kumjibu kwamba unalala jikoni. Nilimwomba asimjibu hivyo, kwa sababu kitu kinacholala kinaweza kuamshwa, na mtoto angekwenda kukiamsha. Tulimwambia kwamba moto hauendi popote, unakwisha kama ugali unavyokwisha sahanini, lakini mkaa uliofunikwa na majivu unaweza kuonekana umekwisha kumbe bado una moto ndani. Mama alipekecha majivu kwa kijiti, wekundu ukaonekana, na mtoto akarudisha kigoda chake nyuma mwenyewe.

Sehemu iliyochukua muda zaidi ni ile ya kutokujificha. Ilibidi kwanza mama amwahidi mbele yangu, kwa sauti, kwamba akija kusema kuna moto au ameona kiberiti hatachapwa, hata kama moto ameuwasha yeye. Ahadi hiyo ilimwia mama vigumu, na aliniuliza kama si kumdekeza. Nilimweleza kwamba adhabu nyingine zipo, za kumkosesha mchezo au kumfanya asaidie kufua chandarua, lakini dakika ya kwanza ya taarifa lazima iwe salama kwake, la sivyo hataileta. Kisha tukafanya mazoezi kama mchezo. Mama na jirani walishika kanga ncha nne, wakaitandaza kwenye kimo cha kiuno mlangoni mwa chumba, tukasema kwamba kanga ni moshi, na watoto wawili wakapita chini yake kwa kutambaa hadi kwenye mwembe wa nje ya geti, ambako tulikubaliana kila mtu atakutana. Kanga ilipowagusa mgongo walirudi kuanza upya, wakicheka. Mara ya nne tulimwita mdogo akiwa amejificha kwa makusudi nyuma ya zile nguo zilizotundikwa, na alipoitika tu "Nipo hapa!", mama alimbeba hadi kwenye mwembe. Binamu yake alifundishwa zaidi: asirudi ndani kuchukua kitu, apige kelele jirani asikie, na mtu mzima apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kujibiringisha chini nguo zikishika moto nilimfundisha binamu pekee. Mdogo nilipomjaribu, alijibiringisha kila aliposikia neno moto, hata jiko lilipowashwa, na nikaona ni afadhali lisubiri mwaka mmoja au miwili kuliko abiringike badala ya kukimbia.

Yote haya yalimfaa mtoto mdogo anayewasha kwa udadisi. Ingekuwa ni mtoto wa miaka minane au tisa anayewasha tena na tena baada ya kuelezwa, anayekusanya viberiti na kuvificha, au anayechoma vitu vya mtu aliyemkasirikia, kopo na mstari wa mkaa visingetosha, na ningemshauri mama aende kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au hospitali yenye huduma ya afya ya akili kwa watoto. Nilimchunguza binamu kwa jicho hilo pia, kwa kuwa njiti za kwanza zingeweza kuwa zake. Hazikuwa zake, ingawa alikuwa anajua habari zake na hakusema, kwa sababu ile ile ya fimbo.

Yapata mwezi mmoja baada ya moto, mama alikuwa na wageni barazani. Mtoto alisimama katikati ya barabara ya mchanga mbele ya nyumba, miguu ameitanua, akaanza kupiga kelele kwamba kuna kiberiti. Wageni walicheka na mmoja akamwambia aache fujo. Mama aliinuka, akatoka kwenye jua, akakuta boksi lililokanyagwa, tupu, limelowa, lisilo na uwezo wa kuwasha chochote. Aliliokota, akamshukuru mwanawe mbele ya wageni, akaenda naye hadi jaani kulitupa, ndipo akarudi kumalizia chai yake. Kopo bado liko juu ya mlango. Mpangaji wa chumba cha tatu bado anaacha boksi lake kwenye ukingo wa dirisha, na mama ameniambia kwamba amekwisha kumwomba mara mbili, na kwamba Jumamosi atamnunulia kopo.